Mchicha ndiyo, mgomba hapana

Mpangaji wa Kayanga au Nkwenda anayetaka kupanda tuta moja la mboga nyuma ya chumba chake hudhani anaomba jambo dogo, kisha hushangaa mwenye nyumba anaponyamaza, anapojibu kwamba atafikiria, au anapokataa bila kutoa sababu. Hushangaa zaidi kwa sababu pande zote anaona kijani. Karagwe na Kyerwa hakuna mtu anayelichukia jembe, na nyumba nyingi za kupanga zimejengwa pembeni mwa migomba na mibuni ya mwenyewe. Iweje basi mtu mwenye ardhi inayoota kila kitu amnyime jirani yake wa ukuta mmoja eneo la hatua tano? Makala haya yanasema kwamba kusita kwa mwenye nyumba kuna sababu inayoeleweka, kwamba sababu hiyo haihusu mboga hata kidogo, na kwamba mpangaji anayeielewa anaweza kuomba kwa namna ambayo mwenye nyumba mwangalifu atanufaika nayo kuliko akikataa.

Tuanze na neno lenyewe. Kwingineko nchini kibanja ni kipande kidogo tu cha ardhi. Kwa Wanyambo na Wahaya ni shamba linaloizunguka nyumba, lenye migomba na mibuni, ambalo limelishwa samadi, majani na maganda ya ndizi kwa vizazi kadhaa. Mara nyingi ndimo wazazi na mababu walimozikwa. Kibanja hurithishwa, na anayetaka kukiuza kwa mtu wa nje huwa na maelezo ya kutoa kwa ndugu. Alama ya umiliki wake ni zao la kudumu, yaani mgomba au mbuni. Mtu akimwazima mwenzake sehemu ya kulima, humwonyesha pa kupanda maharage na mahindi, na pande zote mbili zinajua kwamba hatapanda mgomba. Maharage huvunwa yakaisha na ardhi ikarudi ilivyokuwa, ilhali mgomba hutoa mtoto, mtoto akatoa mwingine, na baada ya miaka ishirini mjukuu wa aliyepanda anaweza kuuonyesha kwa kidole na kusema hapa babu alilima.

Hofu hiyo ina historia. Wakati mkoa huu ukiitwa Ziwa Magharibi, kabla haujawa Kagera, ulikuwako mfumo wa nyarubanja: mtwazi alishikilia ardhi, na mtwarwa aliishi na kulima juu yake huku akitoa malipo na utumishi. Serikali ya Tanzania huru iliuona kama ukabaila na kuufuta kwa sheria. Kwanza ilikuja sheria ya mwaka 1965 iliyouhusu mfumo huo moja kwa moja, kisha sheria ya mwaka 1968 iliyogusa upangaji wa ardhi wa kimila kwa upana zaidi, na kwa sheria hizo aliyekuwa mpangaji wa shamba akawa mwenye shamba. Kwa watwarwa ilikuwa haki iliyochelewa, nami sioni namna ya kuitetea nyarubanja. Lakini familia zilizokuwa upande wa pili zilibaki na funzo moja, kwamba unayemruhusu alime kwako leo, kesho anaweza kutambuliwa kuwa mwenye ardhi. Mwenye nyumba wa leo, aliyejenga vyumba sita vya matofali kwa pesa ya kahawa na kuvipangisha kwa walimu na wauguzi, hafanani na mtwazi hata kidogo. Hata hivyo, akisikia neno kulima kutoka kwa mpangaji, kinachomjia kwanza akilini ni ardhi, na wala si mboga ya jioni.

Wapangaji nao wamebadilika. Zamani aliyehitaji mahali pa kuishi Karagwe alihitaji shamba pia. Leo anayepanga Omurushaka, Kayanga, Nkwenda au Isingiro ni mwalimu aliyehamishwa, mhudumu wa zahanati, fundi simu, dereva wa bodaboda, au mtumishi wa halmashauri ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na kuhitaji watumishi wake yenyewe. Huyu ana shamba kwao Muleba, Kigoma au Mbeya, na hapa hatafuti jingine. Anachotaka ni majani ya kuchuma jioni akitoka kazini, hasa kati ya Juni na Agosti mvua zinapokatika na fungu la mchicha sokoni kuwa dogo huku bei ikipanda. Kwa hiyo mmoja anaomba mboga na mwenzake anasikia ombi la ardhi, na wakiachana hapo kila mmoja huondoka akiamini mwenzake ni mgumu.

Sheria inasema nini? Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaukubali upangaji wa muda mfupi, wa mwaka mmoja au pungufu, hata ukifanywa kwa mdomo. Kwa hiyo mpangaji wa mwezi kwa mwezi asiye na karatasi bado ni mpangaji halali, naye ana haki ya kukaa kwa utulivu alimopanga maadamu analipa kodi na kutimiza masharti yake. Lakini alichopanga ni nini? Kama ni chumba na sebule, uwanja ni wa mwenye nyumba, na wapangaji wote wanautumia kupita, kufua na kuanika. Ndiyo maana kulima uani hakutokani na kulipa kodi, bali kunahitaji ruhusa. Na hapo kwenye ruhusa ndipo hofu ya mwenye nyumba inapopata jibu, ingawa wengi hawalijui. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 89, humpa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake mahakamani, na mvamizi aliyekaa muda huo wote bila ruhusa ya mwenyewe wala kubughudhiwa anaweza kujaribu kudai kwamba ardhi imekuwa yake. Aliyeingia kwa ruhusa hana njia hiyo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelisema jambo hili waziwazi, ikiwemo katika rufaa ya madai namba 218 ya mwaka 2017: mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi hawi mwenye ardhi kwa sababu ameitumia muda mrefu, hata kama amejenga nyumba ya kudumu juu yake.

Tazama maana yake kwa mwenye nyumba, tuseme mzee mmoja wa Kayanga. Anayejilinda kwa kukaa kimya, akamwacha mpangaji apande majani mawili matatu nyuma ya choo bila kusema ndiyo wala hapana, anajiweka mahali dhaifu kuliko aliyetoa ruhusa mbele ya mashahidi. Ukimya ndio unaozaa maswali baada ya miaka mingi, mzee akishafariki na watoto kurudi kutoka mjini kugawana. Ruhusa iliyoandikwa inasema mwenye ardhi ni nani na mkaribishwa ni nani, na aliyeitia saini amekiri kwa mkono wake kwamba eneo si lake. Ndiyo maana namshauri mpangaji aende na karatasi yeye mwenyewe, wala asingoje kudaiwa.

Karatasi hiyo haihitaji wakili. Nusu ukurasa unatosha: jina la mwenye nyumba na la mpangaji, mahali penyewe palipo na urefu na upana wake kwa mita, maneno kwamba ni mazao ya msimu tu na hapatapandwa mgomba, mbuni wala mti wa aina yoyote, maneno kwamba eneo linabaki mali ya mwenye nyumba na ruhusa inakoma upangaji unapokoma, na jinsi ruhusa itakavyoondolewa kabla ya hapo, tuseme kwa taarifa ya mwezi mmoja. Kila upande ubaki na nakala. Saini ziwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ambaye pia atajua kama halmashauri ina sheria ndogo inayogusa kilimo au ufugaji kwenye makazi. Kama hana uhakika, swali lifike kwa mtendaji.

Wapo watakaosema karatasi huharibu ujirani, kwamba mtu anayekula nawe ndizi hakuletei mkataba wa mchicha. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa katika vijiji vyetu neno la mtu mbele ya wazee limetosha kwa mambo makubwa kuliko haya. Lakini neno lilitosha kwa sababu waliolisikia walikuwa wakibaki palepale. Mpangaji wa leo atahamishiwa Ngara mwakani, mwenyekiti atashindwa uchaguzi, na mzee ana miaka yake. Ujirani unaotegemea kumbukumbu za watu wanaohamahama ndio unaovunjika kwa urahisi. Tena karatasi inayoletwa na anayeomba haina sura ya kutoaminiana, maana inayemfunga zaidi ni yeye.

Sasa tufike kwenye kilichomo ndani ya tuta, kwa sababu uchaguzi wa mbegu ndio unaoipa ahadi ya karatasi ukweli wake. Kanuni ninayoiona kuwa bora ni kwamba mpangaji apande vitu vinavyokomaa ndani ya muda wa taarifa yake ya kuhama, au vile ambavyo akiviacha hapotezi kitu kikubwa. Mchicha huchumwa wiki ya tatu au ya nne tangu kusiwa, kwa hiyo hata mpangaji aliyeambiwa leo ahame mwezi ujao anaweza kuula wote. Sukuma wiki huchukua muda zaidi, kama mwezi mmoja kitaluni na mwezi na nusu hivi baada ya kuhamishwa ndipo ianze kuchumwa vizuri, lakini baada ya hapo hutoa majani kidogo kidogo kwa miezi, na siku ya kuondoka mpangaji atakuwa amekwisha kula sehemu yake. Kabichi ni kinyume chake. Unaitunza karibu miezi mitatu bila kuonja, kisha unavuna mara moja, na taarifa ya kuhama ikija katikati umelima bure. Maharage mafupi nayo yanakaribia miezi mitatu. Mengi ya mabishano kati ya mpangaji anayehama na mwenye nyumba juu ya nani avune huzaliwa na zao lililopandwa bila kuhesabu miezi. Hakuna karatasi itakayowaridhisha wote wawili ikiwa kabichi zimebakiza wiki tatu.

Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja aliyepanga chumba na sebule Omurushaka, mwenye mke na mtoto. Tuta lake liwe la upana wa mita moja ili alifikie pande zote bila kulikanyaga, na urefu wa mita tano. Nusu ya tuta aweke mistari miwili ya sukuma wiki kwa nafasi ya sentimita 50, ambayo ni miche kumi. Nusu nyingine asie mchicha katika mistari iliyoachana sentimita 20, na asiusie wote siku moja. Asie mistari michache kila baada ya wiki mbili ili kuwe na wa kuchuma wakati mwingine unaota. Akichuma majani mawili au matatu kwa kila mche wa sukuma wiki kwa wiki, familia hiyo ya watu watatu ina mboga ya mlo mmoja au miwili kutoka upande huo, na mchicha unaongeza mingine. Halitamwondoa sokoni. Anayemwambia mwenye nyumba kwamba tuta hilo litamlisha mwaka mzima hajawahi kulima tuta.

Mahali pa kuliweka ndipo mwenye nyumba anapokuwa na haki ya kuwa mkali. Nyumba nyingi za kupanga hapa zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyoshikizwa kwa udongo, na saruji ikatumika kupiga lipu kwa nje. Maji yakimwagwa kila jioni chini ya ukuta wa namna hiyo, udongo kati ya matofali hulainika, lipu huanza kuvimba na kubanduka kwa chini, na chumvi nyeupe hujitokeza kama unga. Ukiona unga huo, maji yamekwisha kufika ukutani. Kwa hiyo tuta likae angalau mita moja na nusu kutoka msingi, upande ambao maji ya mvua yanakimbia kwenda mbali na nyumba, na lisiwe kwenye mteremko unaoshuka kutoka shimo la choo. Lizungushiwe vipande vya matofali yaliyovunjika ili udongo usimwagike kwenye uwanja unaofagiliwa. Uwanja uliofagiliwa ukabaki mweupe ni heshima ya nyumba katika sehemu hizi, na mama mwenye nyumba anayeamka alfajiri kuufagia hatapenda kukuta matope yamevuka mpaka.

Pingamizi la maji husikika sana kwenye nyumba zenye mita moja kwa wapangaji wote, kwani wenzake watauliza kwa nini walipie mboga wasizokula. Hesabu yake ni nyepesi. Tuta la mita tano za mraba, wakati wa kiangazi kikali, linataka ndoo moja ya lita 20 hivi kwa siku. Kwa mwezi ni lita 600, yaani zaidi kidogo ya nusu ya uniti moja ya maji. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba halitaki karibu chochote. Mpangaji ajitolee mwenyewe kulipia uniti moja ya ziada kwa kila mwezi wa kiangazi, na aseme hivyo mbele ya wenzake kabla hawajauliza. Maji yaliyooshea mboga na ndizi yanafaa kumwagilia. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi hayafai, kwa sababu yakirudiwa siku kwa siku huharibu udongo, na majani huanza kuungua pembezoni.

Udongo wa uani nao una shida yake. Umekanyagwa na kufagiliwa miaka mingi hadi umekuwa kama sakafu. Chini ya hapo, udongo wa sehemu nyingi za Karagwe unaonekana mzuri, mweusi na mwepesi, lakini utafiti uliofanywa wilayani humo pamoja na shirika la Mavuno ulionyesha kwamba fosforasi ambayo mmea unaweza kuichukua ni haba, na kwamba mboji nzuri huongeza mavuno sana. Dalili yake kwenye mboga ni miche kudumaa na majani kuwa na rangi ya zambarau kwa chini ingawa maji yapo. Basi tuta lilimwe kwa kina cha jembe na lichanganywe na ndoo mbili au tatu za mboji iliyoiva. Mboji yenyewe inatoka wapi? Maganda ya ndizi ndiyo taka kubwa ya kila jiko hapa, lakini kwa desturi maganda hurudishwa kibanjani. Mpangaji asiyachukue ya jiko la mwenye nyumba bila kusema. Atumie ya kwake, pamoja na majivu kidogo, kwenye shimo dogo lililofunikwa.

Na asilete mche wa mgomba hata kwa zawadi. Tangu mnyauko bakteria wa migomba ulipothibitika Kagera mwaka 2006, mgomba mgeni na panga lililokata mgomba mgonjwa vimekuwa njia mbili za kuuingiza ugonjwa kwenye kibanja kizima. Panga la mpangaji litumike kwenye tuta lake tu, na lisivuke kwenda kukata majani ya migomba ya mwenye nyumba kwa ajili ya kufunika mboga.

Husemwa pia kwamba bustani huleta nyoka na mbu. Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Tuta lililomwagiliwa vizuri halina maji hayo, ila ndoo na makopo yanayoachwa wazi kando yake yanaweza kuwa nayo, basi yafunikwe au yapinduliwe. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata nafaka na takataka. Mboga fupi haina pa kumficha. Anayetaka kupanda mahindi au maboga yanayotambaa uani ndiye anayeleta kichaka, na hapo mwenye nyumba akatae bila kusita.

Nimeacha kuku kwa makusudi, kwa sababu ombi la kuku ni ombi jingine kabisa, na kosa la wapangaji wengi ni kuyaomba yote mawili siku moja. Kuku hagusi hofu ya ardhi, maana anauzwa, anachinjwa, anabebwa. Anachogusa ni uwanja wa wenzake. Kahawa ya Karagwe na Kyerwa ni robusta kwa sehemu kubwa, nayo huanikwa na maganda yake juu ya mikeka, maturubai au vichanja mbele ya nyumba wakati wa mavuno katikati ya mwaka. Baadaye maharage huanikwa mahali hapohapo. Kuku mmoja akiingia kwenye turubai la kahawa huparura, husambaza mbegu kwenye udongo, na huacha kinyesi. Kahawa iliyochanganyika na udongo na kinyesi itakataliwa kwenye mizani ya chama au kushushwa bei. Kwa hiyo kuku wa mpangaji hawezi kuzurura, na hili si suala la ukali wa mwenye nyumba.

Lakini kuku wa kienyeji asiyezurura anapoteza faida yake. Unafuu wake wote ni kwamba anajitafutia wadudu na majani. Akifungiwa kutwa anataka karibu gramu 100 za chakula kwa siku, na kuku wanne ni kilo 12 hivi kwa mwezi za kununua. Kwa upande wa mayai, tetea wa kienyeji hutaga kama mayai 10 hadi 15 kisha hutaka kuatamia, akarudia mara tatu hivi kwa mwaka. Wanne wanatoa mayai 120 hadi 180 kwa mwaka mzima, hata yai moja kwa siku halifiki. Kwa mpangaji anayeyataka mayai, chotara waliofungiwa wanaeleweka zaidi, kwa kuwa hutaga mengi zaidi kwa chakula kilekile. Kwa anayetaka nyama ya sikukuu, kuku wawili walionunuliwa Novemba ni hesabu nyepesi kuliko banda la mwaka mzima.

Anayeendelea kuomba baada ya hesabu hiyo, aombe matetea wanne bila jogoo. Tetea hahitaji jogoo ili atage, bali ili mayai yaanguliwe, na jogoo anayewika saa kumi alfajiri kwenye nyumba ya vyumba sita ni ugomvi wa bure. Banda liwe la kubebeka, la mbao na wavu, limeinuliwa kutoka chini, na likae mbali na madirisha. Sababu kubwa ya umbali huo ni utitiri. Wadudu hawa wadogo hujificha kwenye nyufa za banda mchana na kunyonya damu usiku, na kuku akihamia kuatamia karibu na chumba, hufuata hadi kitandani. Anayekaa karibu na banda akiamka na vipele mikononi na shingoni, achunguze nyufa za mbao kwa tochi usiku. Wakikutwa, banda limwagiwe maji ya moto, lipakwe dawa, na kuku wapewe mahali pa kuoga vumbi lenye majivu.

Ugonjwa unaofuta kuku wa kitongoji kizima ni kideri, au mdondo. Mpangaji anayeleta kuku kutoka mnadani bila chanjo anahatarisha wa mwenye nyumba na wa majirani. Chanjo inayostahimili joto inatengenezwa nchini. Hudondoshewa kila kuku tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu, na kwa kuwa kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja, ni afadhali nyumba kadhaa zichange na kuchanja siku moja. Hapa mpangaji ana cha kumpa mwenye nyumba: kuku wa wote wachanjwe kwa kichupa alichonunua yeye. Cha pili ni samadi. Kuku wanne waliofungiwa huacha kilo 10 au zaidi za kinyesi kibichi kwa mwezi, chenye fosforasi ileile ambayo udongo wa Karagwe unaikosa. Kikilazwa na nyasi kavu miezi miwili au mitatu ili kisiunguze mizizi, kinarudi kwenye migomba ya mwenyewe, na mwenye kibanja anajua thamani yake bila kuelezwa.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba kuku wasubiri. Mpangaji aombe tuta kwanza, alitunze msimu mmoja, alipie maji aliyoahidi, asiache matope uani, ndipo aseme habari ya kuku akiwa anajulikana. Wakati mzuri wa kuomba tuta ni kabla ya kulipa. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na siku pesa ikiwa bado mkononi mwa mpangaji ndiyo siku maneno yake yanasikilizwa vizuri. Aombe kwa anayeamua kweli. Nyumba inaweza kuwa ya kijana aliyeko Mwanza, lakini kibanja kikawa cha mama yake anayeishi palepale, na kijana akisema ndiyo kwa simu huku mama akisema hapana, tuta halitadumu wiki. Aende kwa mama na kumwambia kwa heshima: “Mama, shikamoo. Naomba ruhusa yako nipande mchicha na sukuma kwenye kipande hiki, mita tano kwa moja. Sitapanda kitu cha kudumu. Nimeandika hapa, naomba wewe na mwenyekiti muone kwanza.” Bibi wa Kinyambo aliyeishi miaka yote kando ya migomba yake ataisikia sentensi ya tatu kuliko nyingine zote.

Lipo pingamizi la mwisho, la mpangaji mwenyewe, kwamba akipanda pakapendeza mwenye nyumba atapandisha kodi au kupachukua. Linawezekana. Karatasi inaweza kueleza kwamba tuta halibadilishi kodi katika kipindi kilicholipiwa, lakini baada ya kipindi hicho kodi ni ya kujadiliana, na mwenye ardhi anaweza kutaka eneo lake. Ndiyo maana nasisitiza mazao ya wiki nne, mbegu za bei ndogo na ukingo wa matofali yaliyovunjika. Wiki ya kuondoka, mpangaji huchuma kilichobaki, hung’oa mashina, husawazisha udongo kwa reki, hurudisha vipande vya matofali pale alipovikuta, kisha humwita mwenye nyumba atazame kabla ya kukabidhi ufunguo. Miche ya sukuma wiki ikiwa bado inatoa, humuuliza kama angependa ibaki.